Ligi imetuita "timu ya bahati" kwa fomula ya besiboli, na ninyi waandaaji mkisoma hapa mjibu

Wakuu leo sina salamu ndefu. Nafundisha timu ya basketi kwenye ligi ya wikiendi, timu 8, mechi 14 kila mmoja. Tumeshinda 11 tumepoteza 3, tumekaa kileleni. Wastani wetu tunafunga pointi 73 tunafungwa 67. Timu mbili za juu huwa zinapitiliza nusu fainali bila kucheza robo, sasa msimu huu waandaaji wameleta sheria mpya, wanapiga ile fomula ya Pythagoras ya kukadiria ulistahili kushinda mechi ngapi kutokana na pointi ulizofunga na ulizofungwa, na ukiwa umeshinda zaidi ya 3 juu ya hicho kiwango unaambiwa ni bahati, unarudi kuanzia robo fainali.

Wametupigia hivi:

```
73^2 / (73^2 + 67^2) = 0.543
0.543 x 14 = 7.6
```

Yaani sisi ni timu ya mechi 7.6, zile 3.4 zilizobaki tumeokota. Na jina letu wameliweka kwenye tangazo, "timu yenye bahati kuliko zote". Wachezaji wangu wananiuliza kocha hii ni nini mimi sina la kuwajibu.

Hiyo namba 2 iliyo juu ya pointi, yaani kipeo, ndio ugomvi wangu. Bill James alipoileta hii hesabu alikuwa anaongelea besiboli, mchezo ambao timu inafunga nne tano basi. Kwenye basketi hiyo 2 haifanyi kazi, mchambuzi Daryl Morey alikuja na kipeo cha 13.91 kwa NBA, John Hollinger akatumia 16.5. Nikiweka 13.91 kwetu inatoka 0.767, yaani mechi 10.7 kati ya 14. Tumeshinda 11! Bahati iko wapi hapo?

Na angalieni walioshika mkia. Wameshinda 2 tu, wanafunga 60 wanafungwa 72. Kwa kipeo cha 2 eti walistahili 5.7, kwa hiyo tangazo linawapa pole kwa bahati mbaya. Jamaa wanachapwa pointi 12 kila wikiendi, bahati mbaya gani hiyo. Kwa 13.91 wanatoka na mechi 1 tu. Nilivyopitia jedwali lote nikaona kila timu ya juu ina "bahati" na kila timu ya chini ina "mkosi", wakati bahati ya kweli haina mazoea ya kufuata msimamo wa ligi namna hiyo. Ukiona hivyo ujue ni kipeo kidogo mno, kimewasukuma wote katikati.

mraba_kamili: Kocha punguza hasira. Pythagoras ni kipeo cha pili, hata darasani tulifundishwa hivyo, ukiweka 13 sio Pythagoras tena. Na kingine, kipeo hakibadilishi mpangilio, aliye juu kwa 2 atakuwa juu kwa 13 pia. Kwa hiyo hujaonewa.

Kocha (mwenye uzi): Mpangilio haubadiliki ni kweli, hapo sikubishii. Ila sheria yao haiangalii mpangilio, inatoa 7.6 kwenye 11 halafu inauliza kama imezidi 3. Hapo ukubwa wa namba ndio kila kitu mkuu.

Meza ya Takwimu: Na hilo jina lisikuchanganye mraba_kamili, hakuna pembetatu yoyote humo. Lilitokana tu na zile namba tatu zenye mraba kufanana na ile kanuni ya shule. Hata besiboli yenyewe siku hizi wengi wanatumia 1.83.

Kwa nini basketi inataka kipeo kikubwa: mechi moja ina mashambulizi mengi sana, kila upande unapata nafasi kama mia hivi kwa NBA, kwa hiyo aliye bora kidogo tu anapata muda wa kutosha kuonyesha. Kufunga asilimia 9 zaidi ya mpinzani kwenye basketi ni ubabe, kwenye besiboli ni kawaida tu. Nikupe mfano ambao hauhitaji kubishana. Golden State msimu wa 2015-16 walishinda 73 wakapoteza 9, wastani 114.9 kwa 104.1. Ukiwapigia kipeo cha 2 wanatoka timu ya ushindi 45. Arobaini na tano! Kwa 13.91 wanatoka 65. Hapo unaweza kukaa ukajadili kama zile 8 za ziada ni bahati au ni ubora wa dakika za mwisho.

Rebaundi: Mnajichosha, chukua tofauti ya pointi basi. +6 ni +6.

Meza ya Takwimu: Karibu sawa lakini sio sawa. San Antonio msimu huo huo walikuwa 103.5 kwa 92.9, tofauti yao ni ndogo kidogo kuliko ya Golden State, lakini fomula inawapa 67, na ndizo walizoshinda kweli, 67 kwa 15. Inaangalia uwiano, na anayecheza mechi za pointi chache tofauti ile ile inakuwa na uzito zaidi. Ingawa nao walitolewa na Oklahoma City raundi ya pili, na Golden State wakafika fainali wakapoteza 4-3, kwa hiyo usinikamate na hilo.

winga_teleza: Samahani naulizia timu yangu ya soka, tumefunga 30 tumefungwa 20, hii inanipa pointi ngapi kwenye msimamo? Tuna sare nyingi sana mwaka huu

Meza ya Takwimu: Haikupi mkuu. Hii inagawa kushinda na kupoteza tu, sare haina mahali pa kuiweka. Kwa soka lazima ubadilishe hesabu yenyewe.

Ila kocha nawe nikuguse kidogo. 13.91 ilipatikana kwa mechi za dakika 48 zenye pointi mia. Nyie mnacheza dakika ngapi?

Kocha (mwenye uzi): 40. Na saa haisimamishwi hadi robo ya mwisho.

Meza ya Takwimu: Basi kipeo chenu huenda ni kidogo kuliko hicho. Kipime kwa matokeo yenu wenyewe, kila timu moja moja:

```
ln(ushindi / vipigo) / ln(pointi_walizofunga / pointi_walizofungwa)
```

Nyie inatoka kama 15, wa mkia kama 10. Timu 8 za mechi 14 hazitoshi kukupa jibu, mngechukua misimu yote mliyo na rekodi. Hata mkikipata sawasawa, timu ya kati ikicheza mechi 14 inayumba karibu mechi 2 juu au chini bila sababu yoyote, kwa hiyo huo mstari wa 3 siku moja utamkamata mtu asiye na kosa hata kwa kipeo sahihi.

Rebaundi: kocha kuna mechi mliwafunga watu kwa tofauti ya pointi 50 mwezi wa kwanza au nimesahau? Hiyo nayo imewabeba kwenye wastani

Kocha (mwenye uzi): 48. Na ndio, nimeitoa nikapiga upya, tunashuka hadi kama mechi 9 kati ya 14. Bado sio 7.6. Nimeshawaandikia waandaaji, jibu lililorudi ni "fomula ni ya kimataifa". Robo fainali ni Jumamosi.