Mjadala: "Na Mwandishi Wetu" anawekwaje kwenye marejeo?

Kijana wa Sinza: Wakuu, naandika tasnifu ya soko la mahindi. Habari zangu nyingi za magazeti zimeandikwa Na Mwandishi Wetu, na tahariri hazina jina kabisa. Chuo kinataka APA. Mahali pa mwandishi naweka nini?

Bandarini: Weka Asiyejulikana, kisha mwaka, kichwa cha habari na jina la gazeti. Mie nilifanya hivyo na nikapita bila shida.

Dada wa Maktaba: Ulipita kwa sababu aliyesahihisha hakufika kwenye marejeo. Kwa APA, Asiyejulikana unaiweka pale tu ambapo kazi yenyewe imesainiwa hivyo. Kama jina halipo, kichwa cha habari kinasogea mbele na kinapangwa kwa herufi yake. Mfano huu nimeutunga, ni wa gazeti la karatasi:

```
Bei ya mahindi yapaa Kibaigwa. (2019, Machi 12). Habari Leo, 6.
```

Ile 6 ni ukurasa. Ndani ya maandishi unaandika ("Bei ya mahindi," 2019), yaani maneno ya mwanzo ya kichwa, sio jina la gazeti. Tahariri ni hivyo hivyo, ila baada ya kichwa unaongeza [Tahariri] kwenye mabano ya mraba, msomaji ajue ule ni msimamo wa gazeti na sio habari iliyoripotiwa.

Mwalimu Kisauni: Huku kwetu Mombasa chuo chetu kinatumia Harvard, na sisi jina la gazeti ndilo linatangulia, kwa mfano Taifa Leo (2019). Kwa hiyo kijana usikosee, gazeti ndilo mwandishi.

Dada wa Maktaba: Kwa Harvard uko sawa mwalimu, na Chicago nao wakiiweka kwenye orodha ya mwisho wanatanguliza gazeti. Ila kijana kasema APA. Akichanganya hiyo mitindo ndani ya kazi moja atarudishiwa.

Bandarini: Mnamsumbua bure. Magazeti yenyewe siku hizi hayana wahariri, Mwandishi Wetu ni mtu kakaa ofisini kabandika taarifa ya wizara ilivyokuja. Cha kunukuu hapo ni nini?

Mzee wa Chumba cha Habari: Wewe Bandarini nakujibu kwa sababu nimeifanya hiyo kazi. Kuna habari tulificha jina la kijana kwa sababu alikuwa anaishi mtaa mmoja na watu aliowaandika. Kuna nyingine zimetoka kwa watu wa mikoa mitatu, meza ya habari ikaziunganisha, sasa jina la nani liwekwe? Na ndio, kuna taarifa za wizara zilizopita vile vile, sikatai. Lakini usituweke wote kapu moja.

Bandarini: Kwa hiyo umekubali zipo. Mwanafunzi atazitofautishaje?

Mzee wa Chumba cha Habari: Aisome! Kama aliyenukuliwa ni mmoja tu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna hata mkulima au dalali mmoja aliyeulizwa, hiyo ni taarifa. Aitafute taarifa yenyewe kwenye ofisi iliyoitoa ainukuu hiyo, aachane na gazeti.

Kijana wa Sinza: Asanteni wazee wangu, ila bado sijajibiwa kuhusu Mwandishi Wetu. Zotero imenitolea "Wetu, M." na sasa nina Wetu kama kumi, 2019a, 2019b mpaka basi.

Dada wa Maktaba: Hiyo programu imegawa majina mawili ikadhani Wetu ni jina la ukoo. Futa sehemu ya mwandishi kabisa, kichwa kitapanda chenyewe. Mimi nasema Mwandishi Wetu sio jina la mtu, kwa hiyo habari hiyo haina jina.

Mwalimu Kisauni: Hapo sikubaliani nawe dada. Gazeti limechapisha maneno hayo chini ya kichwa, na msomaji atakayeifuata habari atayakuta pale. Mimi ningeyaacha mazima, Mwandishi Wetu, bila kuyageuza.

Dada wa Maktaba: Basi amuulize msimamizi wake na ashike njia moja kwa zote. Ila kijana, hizo habari ulizisoma kwenye karatasi au mtandaoni?

Kijana wa Sinza: Nyingi mtandaoni, ila ukurasa nimeutoa kwenye gazeti la maktaba.

Dada wa Maktaba: Usifanye hivyo. Nukuu ulichokisoma. Kama ni mtandaoni, ukurasa unatoka na linki inaingia, kwa sababu kichwa cha mtandaoni mara nyingi sio kile cha karatasini, na habari inaweza kurekebishwa baada ya kupanda. Ile ya karatasi inabaki ilivyochapwa. Linganisha aya kwa aya, zikitofautiana hizo ni habari mbili.

Bandarini: Na linki ikifa?

Mzee wa Chumba cha Habari: Ndio maana nawaambia vijana wahifadhi nakala siku ile ile wanayosoma. Tovuti ikibadilishwa, linki za zamani zinaweza kupotea zote, na hata sisi wa ndani hatuzipati.