Ofisi wanahesabu muda wa kuruka, jedwali linahesabu kuzima injini!

Kijana_wa_Chumbageni: Wakuu, nimechoka na hawa watu wa ratiba. Mimi ni rubani msaidizi, kituo changu Tanga. Juzi niliripoti saa 11 na nusu alfajiri, ruti nne: Pemba, Dar, tena Pemba, halafu nyumbani. Kitabu cha kampuni yetu kimechukua jedwali la Ulaya la kikomo cha saa za kazi za marubani, tangu kuripoti hadi kuzima injini. Ukiripoti 05:30 kwa ruti moja au mbili, una saa 12 na nusu. Ruti ya tatu inakata nusu saa, ya nne nusu nyingine. Zinabaki 11 na nusu. Kwa hiyo saa 11 kamili jioni ndege iwe imesimama Tanga, injini imezimwa.

Dar tukachelewa mno. Tuko Pemba, ofisi inapiga simu: "Mnaruka 16:45, mko ndani ya muda." Muda gani? Pemba hadi Tanga dakika 25, tunaegesha 17:10! Nikiuliza, najibiwa "kapteni ataongeza". Mwenyewe hata hajaulizwa!

Mama_Ngamiani: Hata mimi abiria mlinichelewesha mwezi uliopita, na hela sijarudishiwa.

Mzee_wa_Raskazone: Dogo, Dar mlikaa saa ngapi? Mkipumzika chini saa tatu au zaidi, nusu ya mapumziko inaongezwa kwenye kikomo. Ofisi wako sahihi.

Kijana_wa_Chumbageni: Shikamoo mzee. Tulikaa saa nne, kwenye viti vya plastiki kando ya mizigo, tukisubiri fundi.

Kapteni_Mstaafu: Hapo hamna mapumziko. Yanatakiwa mahali tulivu, mbali na watu, mnapoweza kupunguza mwanga na joto, na chakula kipatikane. Tena muda wa shughuli za kabla na baada ya ndege, pamoja na wa kwenda na kurudi mahali hapo, hauhesabiwi. Kusubiri fundi ni kazi, saa inaendelea kutembea.

Kuhusu kapteni: anaweza kuongeza hadi saa mbili kwa dharura iliyojitokeza baada ya kuripoti, ila uamuzi ni wake, na lazima awaulize wenzake kama wako sawa. Ofisi hawaruhusiwi kuiweka nyongeza hiyo kwenye mpango. Dakika kumi zile angeweza kuzitoa, tatizo ni aliyezitoa. Kapteni wenu aliandika ripoti?

Kijana_wa_Chumbageni: Hakuandika. Anasema dakika kumi ni aibu kuziandikia.

Kapteni_Mstaafu: Aandike. Nyongeza ikizidi saa moja, nakala ya ripoti inakwenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Chini ya hapo inabaki kwa kampuni, lakini lazima iwepo. Bila karatasi, mwezi ujao watawapangia 16:45 kama kawaida.

Mzee_wa_Raskazone: Mnakuza mambo. Enzi zetu tuliruka mpaka giza.

Kijana_wa_Chumbageni: Sawa mzee. Kapteni mstaafu, akikataa kuandika, naweza kuandika mwenyewe kama rubani msaidizi?