Kukatwa nusu alama: ukibaki na majibu mawili, ujibu au uache?

Mwanafunzi wa uuguzi, Makorora, Tanga:
Chuo chetu kimeanza kukata alama kwenye maswali ya kuchagua. Kila swali lina majibu manne. Ukipata unapewa 1, ukikosa unakatwa nusu, ukiacha wazi hupati wala hukatwi. Nikishaondoa majibu mawili nikabaki na mawili nisiyoyajua, nijibu au niache? Na je, utaratibu huu ni wa haki?

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Kwa kanuni mliyopewa, jibu. Chukua maswali 12 ya namna hiyo. Kwa wastani utapata 6 na kukosa 6, kwa hiyo unaingiza alama 6 na kukatwa 3, na zinabaki 3 ambazo usingezipata kama ungeacha wazi. Ukibaki na majibu matatu, mambo yanabadilika: katika 12 utapata 4 na kukosa 8, utaingiza 4 na kukatwa 4, na hapo umejisumbua bure. Usipoweza kuondoa hata jibu moja, unapata 3, unakosa 9, na unatoka na hasara ya alama moja na nusu. Kwa ufupi, mpaka wenu ni theluthi: kama nafasi yako ya kupata inazidi moja kwa tatu, andika, ikiwa pungufu, pita.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Ngamiani:
Mwalimu, kwa heshima zote, sisi tulifundishwa kwamba kubahatisha kati ya mawili ni sifuri, kwa sababu unalopata linafutwa na unalokosa. Ndiyo maana mimi huacha yote ya namna hiyo.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Waliokufundisha hawakukosea, ila walikuwa wanazungumzia mtihani mwingine. Yale maswali ya kweli au si kweli ambayo vyuo vingi vya afya vimeyatumia, ambapo ukikosa unakatwa alama nzima, ndiyo yenye sifuri hiyo. Huko, nusu kwa nusu haikuongezei wala haikupunguzii kwa wastani, inakuyumbisha tu. Ukijibu 10 kwa kurusha shilingi, kama mara 38 katika 100 utatoka na hasara, mara nyingine 38 utatoka na faida, na zilizobaki utabaki ulipo. Kwenu adhabu ni nusu tu, kwa hiyo ukiyaacha unaacha robo alama mezani kwa kila swali. Kabla ya jambo lolote soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza uone wanakata kiasi gani, maana kiasi hicho ndicho kinachoamua.

Mzazi, Pongwe:
Shikamooni. Mwanangu yuko darasa la saba na amesikia habari hizi za kukatwa, sasa kwenye mazoezi anaacha maswali wazi kwa woga. Juzi ameacha 7. Nimwambie aendelee kuacha?

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Marahaba. La hasha, mzee wangu. Hapa tunazungumzia mtihani wa chuo kimoja. Kama maelekezo ya mtihani wake hayataji kukatwa, swali lililoachwa wazi ni alama iliyotupwa. Ajibu yote, hata lile asilolijua kabisa, na asilikawilie.

Muuguzi, Raskazone:
Mwalimu hesabu zako ni sahihi, lakini umeanza na jambo ambalo mimi lilinigharimu. Umesema nikibaki na mawili nina nusu ya nafasi. Nusu hiyo ipo endapo jibu sahihi limo kati ya hayo mawili. Nani amesema limo?

Nikiwa najiandaa na mtihani wa aina hii, nilikuwa naweka nukta ya penseli pembeni ya kila swali nililobakiza majibu mawili, kisha nikisahihisha naandika mambo mawili: kama nimepata, na kama jibu sahihi lilikuwa miongoni mwa niliyoyafuta. Nilipofikisha nukta 30 nilihesabu. Nilikuwa nimepata 11. Kilichonishtua ni kwamba katika maswali 9 nilikuwa nimelifuta jibu sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, nikabaki nachagua kati ya makosa mawili.

Nitoe mfano mmoja ambao sitausahau. Swali lilikuwa la mtoto wa miezi minne anayeharisha, apewe zinki kiasi gani kwa siku: miligramu 5, 10, 20 au 40. Kichwani nilikuwa na picha ya kidonge, na kidonge tunachokitumia ni cha miligramu 20. Nikasema 5 haipo, na 10 maana yake nikate kidonge, haiwezekani, nikazifuta zote mbili. Nikabaki na 20 na 40 na nikaandika 20 kwa raha zangu. Jibu ni 10: mtoto aliye chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge, na wa miezi sita na kuendelea ndiye anayepewa kizima. Kwa hiyo pale nilipodhani nina nusu ya nafasi, sikuwa na nafasi yoyote.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Umenikamata, dada. Basi tuiweke hivi: nafasi yako ya kupata ni nusu ya uhakika ulio nao kwamba hukulifuta jibu sahihi. Kwa adhabu ya nusu alama unahitaji zaidi ya theluthi, kwa hiyo ufutaji wako uwe salama zaidi ya mara 2 katika 3. Wako ulikuwa salama mara 21 katika 30, umepita kwa kuchungulia. Na ukweli ndivyo ulivyotoka: umeingiza 11, umekosa 19 na kukatwa 9 na nusu, ukabaki na alama moja na nusu kwa maswali 30. Kwenye mtihani unaokata alama nzima, hata mfutaji asiyekosea kamwe hapati faida kwa kurusha shilingi, labda awe na sababu ya kuegemea upande mmoja.

Muuguzi, Raskazone:
Ndiyo, ila hiyo moja na nusu inaficha jambo. Nilipozigawa zile nukta kwa mada, 12 zilikuwa za vipimo vya dawa na 18 za maumbile ya mwili. Kwenye dawa nilipata 2 tu, na ufutaji mbaya 7 kati ya ule 9 ulitokea hapo. Nilikuwa napoteza alama 3. Kwenye maumbile nilipata 9, faida ya alama nne na nusu. Tangu hapo nikibaki na mawili kwenye kipimo cha dawa ninaacha, na kwenye mifupa na mishipa ninaandika. Watunga maswali wa vipimo vya dawa wanajua tunavyokosea. Wanaweka kipimo cha mtu mzima, au cha mara mbili, palepale ambapo mkono wa mwenye ujuzi nusu utakimbilia.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Tahadhari moja: 12 ni chache. Mtu anaweza kupata 2 katika 12 kwa bahati mbaya tu hali uwezo wake ni 4. Ningekuwa wewe ningefikisha 40 kabla ya kuapa kuacha mada nzima.

Mkufunzi mstaafu wa tabibu, Bombo:
Nimesoma kwa utulivu na sipendezwi na mwelekeo. Mnamfundisha kijana kucheza kamari na kipimo cha zinki. Wodini hakuna kurusha shilingi. Asiyejua humwuliza aliye juu yake, na kuacha wazi ndiko kuuliza kwenyewe. Kanuni ya kukata iliwekwa ili mtu azoee kusema «sijui». Mimi ningekata alama nzima.

Muuguzi, Raskazone:
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini karatasi haipokei neno «sijui» kama wodi inavyolipokea. Wodini nikiuliza napata jibu na mgonjwa anapona. Kwenye karatasi nikiacha napata sifuri, na aliye jasiri kuliko mimi, mwenye ujuzi uleule, ananipita. Mtafiti Katherine Baldiga alichapisha mwaka 2014 jaribio lililoonyesha kwamba adhabu ikiwepo, wanawake huacha maswali mengi kuliko wanaume wanaojua sawa nao, na adhabu ikiondolewa kila mtu anajibu. Sasa hapo tunapima uuguzi au tunapima moyo?

Mkufunzi mstaafu wa tabibu, Bombo:
Moyo nao ni sehemu ya kazi. Ila hoja ya wanaume na wanawake sikuwa nimeifikiria, nitaitafakari.

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Kuna jambo chuo chenu kingepaswa kuulizwa. Adhabu inayofuta ubahatishaji wa kipofu kwenye majibu manne ni theluthi, si nusu. Mtihani wa SAT wa Marekani ulikuwa na majibu matano na ukikata robo, ambayo ndiyo inayolingana, kisha mwaka 2016 wakaiondoa kabisa. Mkikata nusu kwa majibu manne, mnamtoza anayebahatisha zaidi ya alichookota. Pengine wana sababu. Pengine nusu ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kujumlisha.

Mwanafunzi wa uuguzi, Makorora, Tanga:
Nashukuru wote. Niulize la mwisho: kufaulu ni 20 kati ya 40. Nikiwa nahesabu 19 za uhakika na nimebakiwa na maswali kadhaa ya mawili-mawili, nafanyaje?

Mwalimu wa hisabati, Chumbageni:
Hapo wastani hauna kazi, unachotafuta ni alama moja tu. Ukijibu moja una nusu ya nafasi ya kufaulu. Ukijibu mawili unajiharibia, kwa sababu ukipata moja na kukosa moja unaishia 19 na nusu, hivyo lazima upate yote mawili, na hiyo ni robo. Ukijibu manne, ukipata mawili inatosha, na nafasi yako ni 11 katika 16. Haya yote yanategemea kwamba zile 19 ni za uhakika kweli, na ufutaji wako ni safi. Dada wa Raskazone ameshatuonyesha jinsi uhakika unavyodanganya. Anayehesabu 19 mara nyingi ana 17.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Ngamiani:
Na zile nukta za penseli, wakati wa mtihani wenyewe si mashine itazisoma kama jibu?

Muuguzi, Raskazone:
Weka kwenye kijitabu cha maswali, si kwenye fomu ya majibu. Kama kwenu maswali na majibu viko karatasi moja, muulize msimamizi kabla hujaanza kuchorachora.