Naomba ushauri: nimsamehe mume wangu au niende barazani?

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi Kinyerezi, Dar es Salaam, na nimeolewa miaka 11. Tuna watoto wawili.

Mwezi Machi niligundua kwamba mume wangu ana mwanamke Tabata, ambaye alikuwa akimlipia kodi ya chumba kwa simu. Alikiri mbele ya mshenga wetu, akalia, akaahidi kuacha, nami nikampokea. Tulipima virusi vya Ukimwi siku hiyohiyo na tukarudia baada ya miezi mitatu, na namshukuru Mungu kwamba sote tuko salama. Lakini mwezi Juni nimekuta muamala wa kodi ileile, naye anasema alikuwa "anamalizia deni" tu. Kosa la Machi nilikwisha kulimeza. Kinachoniuma ni huu uongo wa Juni.

Nimesoma kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inautazama uzinzi kwa uzito zaidi pale unapoendelea baada ya mwenza kuulalamikia, na kwamba kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza la usuluhishi halijashindwa kutupatanisha. Mama mkwe ananisihi nisifike barazani, kwani anaona huko ni kuvunja ndoa, ilhali mimi naona huenda mume wangu akasema ukweli mbele ya watu wasio ndugu zake.

Waliopitia haya, mlijuaje kwamba mwenzenu ameacha kweli? Na je, kuna waliokwenda barazani wakarudi nyumbani wakiwa bado mke na mume?