Wi-Fi ya nyumba ya wageni, hotspoti ya simu au VPN: nitume vipi faili la mishahara nikiwa Unguja?

MhasibuSafarini

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Dar, ila mwezi huu wote niko Mji Mkongwe kwa mambo ya familia. Bosi amekubali nifanyie kazi huku. Kinachoninyima usingizi ni tarehe 25, siku ya kuandaa mishahara ya watu 64. Lile faili lina majina, namba za NIDA, akaunti za benki na makato ya kila mtu. Likivuja sina pa kuweka uso.

Njia ninazo tatu. Ya kwanza ni Wi-Fi ya hapa nilipofikia, paswedi yake imebandikwa ukutani mapokezi na kila mgeni anaijua. Ya pili ni hotspoti ya simu yangu, lakini kuta za huku ni za mawe ya matumbawe, nene kweli kweli, chumbani mtandao unabaki kijiti kimoja. Ya tatu ni VPN ninayoilipia kila mwezi, iko kwenye simu. Ipi ni salama zaidi? Kwa sasa nawasha VPN kwenye simu halafu nairushia laptopu hotspoti, naona nimepata mbili kwa bei ya moja.

MzeeWaBando

Dada, usijisumbue. Siku hizi kila tovuti ina HTTPS, kile kikufuli unachokiona juu. Hata mtu akikaa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na mitambo yake, hasomi kitu. VPN ni biashara ya kuuza woga. Nimefanya kazi migahawani miaka sita, sijaibiwa hata mia.

FundiWaya

Mzee kasema nusu ya kweli. Kilichopita ndani ya HTTPS hakisomeki, hilo halina ubishi, na ndiyo maana hali ni nafuu kuliko miaka kumi na tano nyuma. Lakini majina ya tovuti unazofungua kwa kawaida bado yanaonekana. Halafu laptopu ya ofisi haiongei kupitia brauza peke yake. Kuna folda za pamoja, kuna printa, kuna programu za uhasibu za zamani ambazo hakuna anayejua zinatuma nini wala kwa njia gani.

Kuhusu paswedi ya ukutani: kama ruta yao inatumia ulinzi wa WPA2, mtu mwenye paswedi hiyo akinasa ule mwanzo laptopu yako inapojiunga, anaweza kuifungua hewa yako na kuona yote ambayo hayakufungwa kwa HTTPS au VPN. WPA3 imeziba hilo, ila ruta nyingi za nyumba za wageni hazijafika huko.

Sasa swali lako lenyewe. Umeziweka tatu kwenye mzani mmoja, na si vitu vya aina moja. Wi-Fi na hotspoti ni barabara ya kutokea. VPN ni bomba unalolilaza juu ya barabara yoyote utakayochagua. Kwa hiyo uchaguzi wako ni barabara gani, na kama unalaza bomba au hulazi.

Na hiyo mbili kwa moja yako haipo. VPN ya kwenye simu hailindi laptopu iliyoshika hotspoti. Kwa kawaida Android na iPhone zote huipitisha data ya laptopu pembeni, nje ya lile bomba. Usiniamini mimi, pima. Simu ikiwa na VPN, fungua ifconfig.me kwenye brauza ya simu uandike namba inayotokea, ndiyo anwani yako inavyoonekana mtandaoni. Kisha kwenye laptopu iliyoshika hotspoti hiyo hiyo, fungua dirisha la amri uandike:

```
curl ifconfig.me
```

Namba zikilingana, nitakula maneno yangu.

MhasibuSafarini

Nimepima sasa hivi. Namba mbili tofauti kabisa. Nimezitafuta: ya simu inasema Uholanzi, ya laptopu inasema Tanzania, kampuni ya laini yangu. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa najidanganya?

FundiWaya

Hukuwa uchi, ulikuwa kwenye hotspoti yako na HTTPS yako. Ila bomba hukuwa nalo. VPN inatakiwa iwekwe kwenye laptopu yenyewe.

SalimDeira

Assalamu alaykum. Dada, kuwa makini sana na hiyo VPN. Mimi niko Dubai mwaka wa nane, huku watu wanaiwasha ili wapige simu ya WhatsApp nyumbani. Sheria ya huku ya 2021 ya makosa ya mtandao inasema ukitumia anwani ya uongo kufanya kosa au kulificha, faini inaanzia dirham 500,000 mpaka milioni 2. Bora utumie programu za simu zilizoruhusiwa.

FundiWaya

Waalaykum salaam ndugu Salim. Dada hapigi simu na hayuko Dubai, anatuma faili kutoka Unguja. Ila umenikumbusha jambo. Hapa kwetu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kutaka wanaotumia VPN, watu binafsi na makampuni, watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo dada, badala ya VPN yako ya kununua, omba ya ofisi. Usajili utakuwa juu yao, na bomba litaishia kwenye seva yao badala ya kuishia kwa kampuni ya Uholanzi usiyoijua. Ukinunua VPN unakuwa umehamisha imani tu: humwamini mwenye Wi-Fi, unamwamini mwenye VPN. Na za bure ndizo za kuogopwa zaidi, maana seva zina gharama na mtu fulani lazima azilipie.

BiShangani

Mwanangu, mimi nina nyumba ya wageni huku huku mjini, na naona munatuonea. Wi-Fi yangu haina neno. Lakini mwaka jana mgeni wangu mmoja alikuja kuniuliza kwa nini Wi-Fi yangu inataka barua pepe yake na neno lake la siri. Nikashangaa, yangu haina ukurasa wowote, unaweka paswedi basi. Tulipotazama simu yake tukaona majina mawili yaliyofanana herufi kwa herufi. Moja halikuwa langu. Nani aliliwasha, mpaka leo sijui.

FundiWaya

Bi mkubwa, hapo umepagusa penyewe. Mtu anawasha kifaa chake, anakipa jina la mtandao wako, anasubiri. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mtu kwa mchezo huo huo, viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege. Hakuvunja usimbaji wowote. Aliweka ukurasa wa kuingilia wa bandia, watu wakajiandikia wenyewe taarifa za barua pepe zao.

Na hapo VPN haikuokoi, kwa sababu ukurasa wa kuingilia hufunguka kabla bomba halijashika. Ukurasa ukikuomba namba ya chumba, sawa. Ukikuomba neno la siri la barua pepe, toka. Na brauza ikikuonya kwamba cheti cha tovuti si sahihi, usibonyeze kuendelea eti kwa sababu una haraka.

Katika dakika hizo hizo za kusubiri bomba, laptopu haikai kimya. Folda inayojilandanisha yenyewe imeshaanza kupakia. Ndiyo maana kwenye VPN ya laptopu washa kile kitu kinachoandikwa Kill switch, kinachozuia data yote mpaka bomba lishike. Utalazimika kukizima kidogo upite ukurasa wa hoteli, kwa hiyo simamisha ulandanishi kwanza.

La mwisho kuhusu barabara ya mtu mwingine. Mei 2024 watafiti walionyesha kwamba kifaa kinachogawa anwani kwenye mtandao kinaweza kuipa laptopu maelekezo ya njia yanayoitoa data nje ya VPN, huku VPN yenyewe ikionyesha imeunganika. Walikiita TunnelVision. Android haikuathirika, kompyuta nyingi ziliathirika. Kwenye hotspoti yako mgawaji wa anwani ni simu yako, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu hotspoti inashinda hata kwa mtu mwenye VPN nzuri.

OtienoKisumu

Mimi nafanya tafsiri za mikataba nikiwa barabarani, na nakubali hotspoti, lakini hakuna aliyetaja vile bando huisha. Windows ikiona hotspoti inadhani ni Wi-Fi ya nyumbani, inaanza kushusha masasisho. Niliwahi kupoteza GB 3 kabla ya chai kuiva. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe Metered connection. Na hizo kuta zako za mawe, usihangaike nazo: weka simu dirishani, ivute kwa waya wa USB mrefu. Betri haiishi na hakuna hewa ya Wi-Fi ya kunaswa kati ya simu na laptopu. Ila zima Wi-Fi ya laptopu, la sivyo itarudi yenyewe kwenye ile ya mapokezi na hutajua.

MzeeWaBando

Haya, VPN nimewaachia. Lakini bado naona mnaogopa hewa. Faili la dada halitaibiwa hewani. Litaibiwa laptopu ikisahaulika kwenye boti, au akifungua mishahara sebuleni watu wakiwa nyuma yake.

FundiWaya

Hapo Mzee sina la kukupinga. Dada, hakikisha BitLocker, ile inayofunga diski nzima ya laptopu, imewashwa. Na faili lenyewe lifunge kabla halijatoka: 7-Zip, AES-256, weka tiki kwenye Encrypt file names, kisha neno la siri ulitaje kwa simu, usiliandike kwenye barua pepe ile ile. Likifungwa hivyo, hata njia ikivuja, aliyelipata ana mzigo asioweza kuufungua.

MhasibuSafarini

Narudi na majibu, leo tarehe 25. Ofisi walinipa VPN yao baada ya siku mbili za kubembeleza. Simu niliiweka kwenye dirisha la ngazi, waya wa mita tatu, vijiti vikapanda hadi vitatu. Wi-Fi ya laptopu nikazima, nikapima kwa ile amri, namba ikawa ya ofisi. Nimeanza saa kumi na moja alfajiri, hadi saa mbili nimemaliza, kazi yote imekula MB 410.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kabla ofisi hawajanijibu nilijaribu kuingia benki nikiwa ndani ya VPN yangu ya Uholanzi, benki ikanikatalia. Kwa ya ofisi imeingia bila maswali.

Sasa Ijumaa kuna kikao cha video cha muda wa saa mbili na wakaguzi, wataonyesha hesabu kwenye skrini. Hotspoti haitahimili, nimejaribu inakatika. Nikitumia Wi-Fi ya mapokezi na VPN ya ofisi juu yake, mnaniruhusu?

OtienoKisumu

Mimi ningetumia, Kill switch ikiwa imewashwa.

FundiWaya

Mimi ningeingia kwa sauti tu kupitia hotspoti, hizo hesabu nizifungue kwenye faili langu mwenyewe. Ila Otieno hajakosea, ruta ya mapokezi ndiyo sijaiona.

BiShangani

Njoo ufanyie kwangu, mwanangu. Darini kwangu vijiti vya mtandao wa simu vimejaa, utakaa na hotspoti yako mwenyewe.