Mwanangu anaonewa shuleni, mwalimu mkuu anataka maandishi. Niandike nini?

Mama_Mzabibu:
Habari za jioni wakuu. Nina mtoto wa kiume wa darasa la nne, shule ya msingi ya huku mkoani Dodoma. Tangu shule zifunguliwe wenzake wanamwonea. Wanamtania, wanamfichia vitu, siku nyingine anarudi analia na hataki kula. Nimekwenda shuleni, mwalimu mkuu kaniambia kama nina malalamiko niyaandike. Tangu jana nimeshika kalamu, lakini kila nikiandika naona ni mambo ya kitoto tu yasiyo na uzito. Mliowahi kuandika barua kama hiyo naomba mnisaidie, inakaaje? Tafadhali msiniambie niende nikagombane na wazazi wao. Hasira ninazo za kutosha.

Babu_Kongwa:
Pole binti yangu. Ila sisi tulisoma tukichapwa na kaka zetu wa madarasa ya juu, tukabebeshwa madaftari yao na kuni zao, na leo tuna wajukuu. Mfundishe mtoto kujibu. Akijibu mara moja wataacha.

Bahi_Road:
Mimi nilipelekwa Dar kwa shangazi nikiwa darasa la sita. Walipojua natoka Bahi, jina langu likaishia hapo, nikawa "Ombaomba". Nikifungua mdomo wananirushia sarafu. Mwalimu alikuwa anacheka nao, anasema ni utani wa makabila. Utani gani? Mtani wako unamtania naye anakutania, mnacheka wote. Mimi nilikuwa peke yangu na wao arobaini. Mama yangu alipokuja kulalamika, mwalimu akauliza "kwani kuna ushahidi?" Hatukuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa. Dada, andika.

Mzee_wa_Zamu:
Peleka soda na maandazi kwa mwalimu wa darasa, yataisha. 😀

MwlJumbe:
Mama, nimefundisha watoto wenye mahitaji maalumu miaka mingi, sasa nimestaafu. Kabla ya kukupa mfano wa barua nina maswali mawili. Wanamfichia kitu gani hasa? Na wanapomtania wanatamka neno gani? Usilipambe, lilete kama lilivyo.

Mama_Mzabibu:
Wanamfichia kofia. Maneno ni matusi ya kawaida ya watoto, mwalimu.

MwlJumbe:
Kofia ya nini? Shule nyingi haziruhusu kofia darasani.

Mama_Mzabibu:
Yeye ameruhusiwa. Mwanangu ana ualbino.

Sikutaka kuanza na hilo kwa sababu watu wakilisikia wanaacha kumwona mtoto, wanaanza kunionea huruma. Wanamwita zeruzeru, na tangu mwezi uliopita wanamwita "dili". Wanamvua kofia wakati wa mapumziko wanarushiana, yeye anaikimbilia jua likiwa kali. Na niseme yote kabisa: wiki iliyopita tuliitwa wazazi wa pande zote, tukasaini karatasi ya suluhu. Imeandikwa "ugomvi wa watoto". Nilisaini kwa sababu tunaishi kijiji kimoja na hao wazazi, kisima chetu ni kimoja. Naona nilifanya jambo la maana. Baba yake naye ameshaanza kuulizia nafasi shule ya Buigiri.

Babu_Kongwa:
Ungesema hivyo tangu mwanzo. Nilichoandika pale juu hakihusu mtoto huyu.

Wakili_wa_Kijiweni:
Hapo hakuna barua. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwenye kila mstari andika "ubaguzi, ubaguzi, ubaguzi", nenda polisi, hao watoto na mwalimu wao wafungwe.

MwlJumbe:
Ndugu, sheria umezitaja sawasawa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kubaguliwa, na ulemavu, dini na asili ya kabila vimo kwenye orodha yake. Lakini mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, na wengi wa darasa la nne wapo hapohapo. Halafu neno "ubaguzi" likijaa barua nzima, msomaji anaona mama mwenye hasira. Liandike mara moja mwishoni, baada ya mambo yenyewe kulithibitisha.

Mama, kinachokukwamisha ni kwamba unaandika "wanamtania na kumfichia vitu". Hayo yanaweza kumpata mtoto yeyote, na ndiyo maana mwalimu mkuu aliyaita ugomvi. Lazima maandishi yaonyeshe kwamba wasingemfanyia vile kama asingekuwa na ualbino. Tuletee tukio moja ulivyoliandika.

Mama_Mzabibu:
Nimeandika hivi: "Jumanne wenzake walimtukana matusi mabaya ya kibaguzi na kumvua kofia, akaumia. Mwalimu hakujali."

MwlJumbe:
Sentensi hiyo imeficha yote yanayotakiwa kuonekana. Matusi gani? Aliumiaje? Mwalimu aliambiwa nini, akajibu nini? Nijibu pia hili: kuna mtoto mwingine anayevaa kofia hapo shuleni?

Mama_Mzabibu:
Yupo mmoja alinyolewa kwa ajili ya mapunye, anavaa kofia kila siku. Hakuna anayemgusa.

Wangu alivuliwa wakati wa uji, saa nne, karibu na bomba. Mmoja akairusha, mwingine akasema "dili haliungui". Akakaa juani mpaka kengele. Mwalimu wa zamu aliambiwa, akamjibu mwanangu "kesho iache nyumbani hiyo kofia". Jioni masikio na shingo vilikuwa vyekundu, nikapiga picha, na usiku uleule nikaandika alivyonieleza.

MwlJumbe:
Umeona? Huyo wa mapunye ni shahidi wako mkubwa kuliko sheria yoyote. Kofia mbili, moja inavuliwa, nyingine haiguswi. Nimekupangia maneno yako mwenyewe:

"Jumanne, tarehe fulani, saa nne asubuhi wakati wa uji, karibu na bomba. Mwanafunzi (jina) alimvua mwanangu kofia akamrushia (jina). Huyo wa pili akasema: 'Dili haliungui.' Waliokuwepo ni (majina). Mwanangu alibaki bila kofia juani mpaka kengele. Alimweleza mwalimu wa zamu, naye akajibu: 'Kesho iache nyumbani hiyo kofia.' Jioni masikio na shingo vilikuwa vyekundu, nilipiga picha. Yupo mwanafunzi mwingine anayevaa kofia kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi ya kichwa, naye havuliwi. Mwanangu anavaa kofia kwa sababu ana ualbino na ngozi yake haina kinga dhidi ya jua. Mimi sikuwepo. Haya nimeelezwa na mwanangu, nikayaandika usiku wa siku hiyohiyo."

Neno "dili" liache kama lilivyo, hata kama linakuchoma. Ukiandika "matusi mabaya", anayesoma atadhani ni matusi ya nguoni. Katika nchi hii neno hilo lina maana ya mtoto huyo kuuzwa, na kila mwalimu anaelewa. Nilichotenga ni ulichoona wewe, yaani wekundu, na ulichosikia kwa mtoto. Usivichanganye, kwa sababu kimoja kikikanushwa hutaki kiangushe na kingine.

Kilimani77:
Wakuu, mimi hii naiona chai. Akaunti mpya, kwanza hana shida maalumu, baadaye ana ualbino, baadaye kuna suluhu, baadaye Buigiri. Mtoto wa darasa la nne "dili" kalijulia wapi? Mtu anaandika hadithi hapa. Aweke picha ya hayo masikio.

Bahi_Road:
Kalijulia nyumbani, kwani redio haifiki kijijini? Tukio la Muleba la 2024, la mtoto mwenye ualbino aliyeuawa, lilisikika nchi nzima, na watoto walikuwa wamekaa sebuleni na wakubwa zao.

Mzee_wa_Zamu:
Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Mama, weka basi hata hiyo karatasi ya suluhu, funika majina.

Mama_Mzabibu:
Picha ya mwanangu siweki. Karatasi pia siweki, ina muhuri wa shule. Ukiona ni chai, usinywe. Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani ina jina langu, na majirani zangu wamo humu.

MwlJumbe:
Usiweke chochote, mama. Picha ya mtoto mwenye ualbino pamoja na jina la shule yake havitakiwi kuonekana kwa watu msiowajua. Hizo picha ziache kwenye simu bila kuzikata wala kuzipaka rangi, tuma nakala kwenye simu ya baba yake, na mkienda zahanati mwombe tabibu aandike alichokiona kwenye daftari la mtoto.

Ila swali la Kilimani77, kalijulia wapi, si la kupuuza. Kuna mtoto aliyesema ametumwa na mtu mzima? Kuna aliyeuliza mnakaa wapi, mtoto anapita njia gani, anarudi na nani?

Mama_Mzabibu:
Hapana. Nilimuuliza polepole. Ni neno tu wanaloimba.

MwlJumbe:
Siku likitokea swali la namna hiyo, usiliandike ukasubiri Jumatatu. Saa hiyohiyo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya watoto nayo hupigwa bure. Hilo halihusiani tena na nidhamu ya shule.

Na unapomuuliza, usimwekee maneno mdomoni. Usiseme "walikuita dili tena?" Sema "mapumziko yalikuwaje?" kisha "ikawaje?" Muulize mara moja, andika, basi. Mtoto akiulizwa na mama, baba, shangazi na mwalimu, kila mara anaongeza au anapunguza, halafu anaambiwa mwongo.

Wakili_wa_Kijiweni:
Na suluhu je? Akishasaini si amefunga mlango?

MwlJumbe:
Ile karatasi inasema pande mbili ziligombana. Asiikane. Aandike: "Nilisaini suluhu ya tarehe fulani kwa ajili ya amani kati ya wazazi. Karatasi hiyo haikutaja maneno yaliyosemwa wala sababu ya mwanangu kuvuliwa kofia, nayo ni haya yafuatayo." Halafu aorodheshe matukio kwa tarehe, likiwemo lolote lililotokea baada ya suluhu. Likitokea tena baada ya kusaini, shule haiwezi kusema ilikuwa haijui.

Barua mbili zinazofanana. Moja ya mwalimu mkuu, nyingine agongewe muhuri wa kupokelewa na tarehe, arudi nayo. Asipojibiwa anakwenda kwa Afisa Elimu Kata na Afisa Ustawi wa Jamii na nakala hiyo mkononi. Mwishoni aombe vitu vinavyopimika: kofia isiguswe, walimu wa zamu waelezwe kwa nini anaivaa, akae dawati la mbele kivulini, na kumbukumbu za shule zitaje ulemavu badala ya "ugomvi".

Babu_Kongwa:
Na Buigiri? Nilikuwa na mpwa pale, alisoma vizuri.

MwlJumbe:
Ni shule ya wasioona, na watoto wenye ualbino wamesoma pale. Sina neno nayo. Huyu wa kwetu anaonaje ubaoni?

Mama_Mzabibu:
Kwa miwani akikaa mbele anasoma mwenyewe. Lakini mwalimu, nyinyi mnaongelea barua, mimi namwongelea mtoto wa miaka tisa anayetembea kilomita mbili. Kule bweni lina ukuta. Baba yake keshaamua nusu, na mimi nusu. Sitaki kungoja muhuri wa mtu.

MwlJumbe:
Sikukatazi, mtoto ni wenu. Ila akiondoka kabla barua haijapokelewa, kumbukumbu zitasema amehama kwa ombi la mzazi baada ya ugomvi, na huyo mwalimu wa zamu atampokea mtoto mwingine mwenye ualbino mwaka ujao akijua analojua leo. Barua kwanza. Uhamisho unaweza kufuata wiki hiyohiyo.

Bahi_Road:
Mimi ningemwondoa kesho. Mwalimu, umewahi kuitwa jina miaka miwili?

Mama_Mzabibu:
Nimeiandika upya usiku huu kwa mpangilio wa mwalimu. Nimebakiwa na swali moja. Majina ya hao watoto niyaandike? Mmoja ni mtoto wa rafiki yangu.

MwlJumbe:
Kwenye nakala ya mwalimu mkuu na ya ustawi yaandike, wasijekusema hawakujua wamwite nani. Kwingine kokote, pamoja na kundi la wazazi la Watsapu, weka herufi tu. Na huyo rafiki yako mwambie kabla barua haijafika, asije akaisikia kisimani.