Tunachangia Netflix wanne nyumba moja Kansanga, mmoja anataka alipe nusu

Mpangaji_Kansanga:
Wadau, naombeni ushauri. Tuko wanne, tunatumia Premium. Pesa inakatwa kwenye kadi yangu, kila mmoja ananitumia 10,000 kwa simu. Sasa dada mmoja anasema yeye huangalia wikendi tu, kwa hiyo atatoa 5,000. Mwingine kampa mchumba wake wa Ntinda nywila, na Jumamosi usiku natolewa kwenye akaunti yangu mwenyewe: eti watazamaji wamezidi. Nifanyeje bila kuvunja urafiki?

Baba Shamsa:
Hayo madogo. Sisi tunagombania umeme wa Yaka, jamaa ana friji na pasi, ila anachanga sawa na mimi mwenye balbu moja.

kijana_wa_mtandao:
Weka PIN kwenye profaili yako, kwisha habari.

Fundi Mwanaidi:
Kijana, PIN inafunga profaili, haifungi akaunti. Mwenye nywila anaweza kuiondoa, tena anaweza kubadili kifurushi, na kadi itakayokatwa ni ya huyu ndugu.

Mpangaji, mnachonunua si saa za kutazama. Premium ni skrini 4 kwa wakati mmoja. Wa wikendi anachukua skrini Jumamosi usiku, wakati ule ule mnaobanana, kwa hiyo nusu haimstahili. Angekuwa mtu wa mchana wa Jumanne ningemtetea. Wa Ntinda ni mtu wa tano kwenye viti vinne. Aliyemleta alipe hisa mbili na mkubaliane nani anapisha, au atoke. Hata hivyo, tangu 2023 Netflix wanabana akaunti moja kutumika nyumba tofauti, huenda akafungiwa bila nyinyi kugombana.

Leo fanya hivi. Kama nywila hiyo ndiyo ya imeili yako, anza na imeili, maana anayeingia humo anaomba nywila mpya ya kila kitu. Kisha badilisha ya Netflix na ukubali vifaa vyote vitolewe, la sivyo televisheni ya Ntinda inaweza kuendelea kama kawaida. Halafu waingizie wenzako wewe mwenyewe, simu kwa simu, bila kuwatajia nywila. Baada ya wiki fungua `Manage access and devices`. Ukiona kifaa usichokijua, utajua pa kuulizia.

Mpangaji_Kansanga:
Mungu wangu, nywila ni ile ile ya imeili! Naibadilisha sasa hivi. Na pesa? Wanachelewa kila mwezi.

Nakato wa Ndejje:
Kusanya kabla ya tarehe ya makato, atakayekosa asiingiziwe simu. Na wakupe taslimu: ukitoa pesa kwa wakala unalipa ada pamoja na ile kodi ya serikali ya 0.5%, hasara yako peke yako.

Mpangaji_Kansanga:
Sawa. Ila huyo wa mchumba ndiye mwenye televisheni ya sebuleni…

Baba Shamsa:
Hapo sasa umekwisha 😂